Pilau ya Mtihani

Mwalimu wa upishi atakaye kuwatahini wanafunzi wake kwa insafu hana budi aanze kupanga kutoka mwisho, yaani kutoka saa ile watahini watakapoketi mezani, kisha arudi nyuma hatua kwa hatua mpaka asubuhi ya sokoni. Kwani aghalabu mitihani ya vitendo katika vyuo vyetu vya ufundi huharibika, si kwa kuwa vijana hawajui kupika, bali kwa kuwa ladha imeachwa iwe kadhi wa kila jambo, na sahani iliyokolea viungo ikasitiri mikono michafu na hesabu mbovu.

Natuchukue pilau ya ng'ombe na kachumbari yake, ya watu 20, ipikwe na kila kundi la wanafunzi wanne. Kabla moto haujawashwa, kila mmoja na aandike gharama kwa mkono wake mwenyewe, na hapo ndipo mwalimu atakapotambua nani ameelewa biashara hii. Tuseme wanataka kilo 3 za nyama safi, na nyama ya mifupa buchani ni shilingi 12,000 kwa kilo. Mwanafunzi mwepesi huandika shilingi 36,000 akaendelea mbele, ilhali robo ya nyama ile itakwenda na mifupa, mafuta na mishipa, na hivyo hana budi kununua kilo 4 kwa shilingi 48,000. Mchele, vitunguu, viazi, mafuta na viungo vikiwa shilingi 22,000, jumla yake ya kweli ni 70,000, yaani 3,500 kwa sahani, wala si 2,900 aliyoidhania. Na kama mkahawa umekusudia chakula kisizidi asilimia 40 ya bei, basi sahani hiyo huuzwa 8,750. Akiiuza 7,250 kwa hesabu yake ya kwanza, atawalisha wateja kwa furaha huku akila mtaji. Kwa hiyo nashauri nyama ipimwe mara mbili, ifikapo na ikishasafishwa, na vipimo vyote viwili viandikwe mbele ya mwalimu, maana tofauti kati ya vipimo hivyo ni somo ambalo ubao wa darasani hauwezi kulifundisha.

Ama usafi, ukaguzi wa mlangoni wa kucha, pete, aproni na vidonda vilivyofungwa ni mwepesi, na kila kijana hujiandaa kwa ajili yake. Mgumu ni ule unaofanywa wakati kazi imepamba moto. Mwalimu na asimame karibu na meza ya kachumbari, kwani nyanya na vitunguu vile havitapikwa tena, na ubao uliokatiwa nyama mbichi ukifika hapo bila ya kusuguliwa kwa sabuni, hakuna jiko litakalosahihisha kosa hilo. Ubao wa nyama na ubao wa mboga viwe mbali, na kisu vivyo hivyo.

Hatari nyingine imejificha katika wali wenyewe, na wengi hawaidhanii. Mchele huja na vijidudu ambavyo mbegu zake hustahimili mchemko. Sufuria ikiachwa mezani ikapoa polepole, mbegu hizo huamka, zikazaana na kutoa sumu ambayo hata kupasha moto tena hakuiondoi. Basi pilau iachwe juu ya makaa, kipimajoto kikichomekwa katikati kisishuke chini ya nyuzi 63. Watahini wakija saa saba mchana, nyama ibandikwe saa nne, mchele utiwe saa sita na dakika kumi, kachumbari ikatwe saa sita na nusu. Na mtahini achelewaye ajue kwamba anawaharibia vijana kazi yao.

Mezani, kila sahani ipewe namba isiyojulisha kundi lililoipika. Watahini wawe wawili au watatu, waonje ikingali moto, wanywe maji kati ya sahani na sahani, kijiko kilichoingia kinywani kisirudi katika chakula, na kila mtu aandike alama zake kabla ya kufungua kinywa kusema, kwa sababu sauti ya mkubwa mmoja hutosha kuwageuza wenzake. Wapime mambo mahususi: punje zimeachana au zimeshikamana, nyama imelainika hata kijiko kinaikata, chumvi, harufu ya viungo, na kipimo cha kila sahani kama kilivyoandikwa katika hesabu.

Hukumu yangu ni kwamba alama za usafi zisijumlishwe na za ladha kana kwamba moja yaweza kulipia nyingine. Kundi lililotumia ubao mchafu sahani yake isifike mezani, hata ikiwa harufu yake imejaza chuo kizima. Nawasihi walimu wenzangu waliandike sharti hili juu kabisa ya karatasi ya alama, na wawape wanafunzi nakala yake siku ile ile wanapopewa orodha ya mahitaji, ili kusiwe na mtu wa kudai hakuambiwa.