Uliza Kabla Hujatia Saini

Ndugu yangu uliyeletewa barua ya ajira yenye mshahara mdogo, weka kalamu chini! Usisaini kwa hofu, wala usikatae kwa hasira. Nasema nawe, mhasibu wa Dar es Salaam mwenye CPA, unayeahidiwa shilingi 900,000 kwa mwezi. Toa asilimia 10 ya NSSF, toa na kodi ya mapato, mkononi unabaki na 729,500. Ikiwa unapokea karibu kiasi hicho hapo ulipo, utahamaje bila hata kuuliza?

Najua kinachokuziba mdomo: unaogopa kwamba ukiuliza tu, kazi itapotea. Basi sikiliza. Mwaka 1840 huko Uingereza, katika kesi ya Hyde na Wrench, mtu aliambiwa shamba ni pauni 1,000, akajibu kwamba atatoa 950. Mwenye shamba akakataa. Aliporudi kusema sasa anaikubali ile 1,000, alikuwa amechelewa, kwa kuwa bei yake mwenyewe ilikwisha kuiua ya kwanza. Lakini mwaka 1880, katika kesi ya Stevenson na McLean, mnunuzi wa chuma aliuliza tu kama angeweza kupewa muda wa kupokea mzigo. Mahakama ikaamua kwamba kuuliza si kukataa. Na Sheria ya Mikataba ya Tanzania inataka kukubali kuwe kamili, kusiwe na masharti.

Kwa hiyo usiandike, "Nakubali mkinipa 1,200,000." Hiyo ni bei mpya! Andika hivi: "Nashukuru kwa kunichagua, na kazi hii naitaka. Kabla sijaamua, naomba kufahamu kiwango cha mshahara kilichopangwa kwa nafasi hii kinaanzia wapi na kuishia wapi, na kama kuna uwezekano wa kupanda juu ya 900,000 kwa kuzingatia CPA na uzoefu wangu wa kufunga hesabu za mwaka. Swali hili si kukataa ofa yenu."

Kodi ya nyumba na ada za watoto usizitaje. Mwajiri ananunua kazi yako. Usizushe ofa ya kampuni nyingine, maana wakikuambia uende huko utakwenda wapi? Na tuma mapema, kwa sababu mwajiri anaweza kuiondoa ofa yake wakati wowote kabla hujaikubali. (Serikalini ni habari nyingine: huko mshahara unafuata ngazi zilizotangazwa.)

Wakijibu kwamba mwisho ni 1,100,000, kumbuka kila laki ya nyongeza hapo inakuachia 67,500 mkononi. Piga hesabu ndipo ujibu. Wakisema hapana, 900,000 ndiyo dari, bado unaweza kuikubali au kuiacha, na sasa unaamua macho yakiwa wazi. Wakiongeza, omba barua mpya yenye kiasi kipya. Mpaka barua hiyo ikufikie imesainiwa, usithubutu kuandika ya kuacha kazi uliyonayo!