Mshenga Asiyetumwa: Nasaha kwa Wanaojibandika Kando ya Waimbaji

Katika miaka ya 1990, wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, walikuwa na vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa meli na ndege. Mteja alisimama mbele ya pazia, akanyoosha kola, akapigwa picha kama msafiri. Picha ile ilipelekwa nyumbani ikatundikwa sebuleni, na hakuna aliyemwita mwenyewe mwongo kwa kuwa hajawahi kupanda ndege. Hamu iliyokuwa mle ndiyo iliyomo katika picha za leo, ambapo shabiki anajikata kutoka kwenye picha yake ya Idi, anajibandika bega kwa bega na mwimbaji anayempenda, anasawazisha rangi na kuituma kwa marafiki. Wazee wanaoikemea kwa jumla wanakosea. Mtu anaonyesha anachokitamani, wenzake wanacheka, na mwimbaji hajapungukiwa na kitu. Nasaha hizi hazimhusu huyo maadamu amebaki hapo.

Zinamhusu anayeondoka hapo, na mara nyingi anaondoka bila kujua. Wengi hudhani mpaka uko katika ufundi wa picha: kwamba iliyobandikwa ovyo ni utani na iliyobandikwa vizuri ni udanganyifu. Sivyo. Shabiki anaweza kutengeneza picha isiyo na dosari, kivuli kimeanguka panapotakiwa na mkono umekaa begani kama wa kweli, na isimdhuru yeyote. Mwingine anaweza kutoa picha chafu yenye ukingo mweupe kuzunguka nywele, na bado ikamchukulia mtu pesa. Mpaka tuutafute katika jambo tulilolijua kabla ya simu, nalo ni ushenga. Mshenga huaminiwa kwa sababu haleti neno lake. Wakwe wanamkaribisha, wanamsikiliza na kumpa jibu kwa heshima ya aliyemtuma. Akija mtu kwa jina la ukoo ambao haukumtuma, hata kama kila alichosema juu ya kijana ni kweli, amekosea tangu alipobisha hodi. Basi swali la kuiuliza picha ni hili: je, inamwomba mtazamaji kitu kwa jina la mwimbaji? Ikiwa inamwomba pesa, kura au imani, imekuwa mshenga, na mshenga lazima awe ametumwa.

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wa kawaida. Binti anauza marashi na udi kwa simu. Siku ya kuzaliwa anatengeneza picha yake akiwa amekaa na mwimbaji mashuhuri, anaiweka kwenye status ya WhatsApp na kuandika chini yake kwamba anaota mchana. Marafiki wanacheka, na siku ya pili status imekwisha yenyewe. Hapo hakuna kosa. Wiki mbili baadaye anafungua ukurasa wa biashara, anatafuta picha iliyompendeza, na picha yake bora ni ile. Anaiweka juu ya ukurasa bila maneno ya ndoto, maana hayafai kwenye biashara, na chini yake zinafuata chupa na bei. Hakubadilisha hata nukta moja ya picha. Lakini mteja anayeingia mara ya kwanza anamwona muuza marashi amekaa na nyota, anaona chupa, na anaunganisha mwenyewe: huyu ni balozi wake, au ni rafiki yake, au hata nyota anatumia marashi haya. Anatuma pesa upesi kuliko ambavyo angetuma kwa muuzaji asiyemjua. Ule upesi ndio ulioibwa. Binti hakuandika uongo popote, na hapo ndipo utetezi wa kwanza unapozaliwa: “Mimi sikusema kitu, wamefikiri wenyewe.”

Utetezi huo ulifikishwa mahakamani London na duka kubwa la nguo, Topshop. Mwaka 2012 duka hilo liliuza fulana yenye picha ya Rihanna iliyopigwa wakati akirekodi video ya muziki huko Ireland ya Kaskazini. Fulana haikuwa na neno la kudai kwamba yeye ameiidhinisha, na duka lilikuwa limepata haki ya kuitumia picha kutoka kwa mpiga picha. Tena sheria ya Uingereza haimpi mtu haki ya jumla juu ya sura yake, na Jaji Birss alisema wazi kwamba kuuza fulana yenye sura ya mtu maarufu kwenyewe si kosa. Hata hivyo, Julai 2013 Rihanna alishinda, na Januari 2015 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana na hukumu hiyo. Kilicholiangusha duka ni mazingira. Huko nyuma liliwahi kuendesha shindano ambalo zawadi yake ilikuwa kwenda kununua nguo pamoja na Rihanna, likatangaza mtandaoni alipolitembelea, na picha yenyewe ilifanana na zile za kutangaza albamu yake. Mnunuzi aliyeyajua hayo angedhani fulana ina baraka zake, na wengine wangeinunua kwa sababu hiyo. Angalia kwamba mahakama haikuuliza duka lilisema nini. Iliuliza mnunuzi alifanywa aamini nini. Ukimya wa muuzaji haukumwokoa, kwa kuwa picha ilisema kwa niaba yake, na kuilipia picha kwa aliyeipiga hakukuwa idhini ya aliyepigwa.

Utetezi wa pili ni kwamba nyota hapotezi kitu, bali anatangazwa bure. Mtaani wanasema umempa promo. Uzuri ni kwamba kuna kesi iliyolipima jambo hili kwa fedha, ingawa mdai hakuwa mwimbaji bali dereva wa mbio za magari, Eddie Irvine. Mwaka 1999 kituo cha redio cha Uingereza kilichukua picha yake akiwa ameshika simu ya mkononi, kikaifuta simu na kuweka redio yenye jina la kituo, kisha kikaipeleka kwa watu wapatao 1,000 ambao kilitumaini wangenunua matangazo. Jaji wa kwanza aliona amedhulumiwa akampa pauni 2,000. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufaa ikazipandisha hadi pauni 25,000, kwa hoja nyepesi: asingekubali kazi ya namna hiyo kwa chini ya hapo, basi hicho ndicho walichopaswa kumlipa. Neno la mtu maarufu ni bidhaa anayoiuza kwa kuchagua. Anakubali sabuni hii na kuikataa ile, na thamani ya kukubali kwake imo katika kule kukataa. Anayelichukua neno hilo bila kuuliza hampi promo, anamnyima nafasi ya kusema hapana. Na marashi yakimtoa mteja vipele, jina litakalotajwa kwa hasira si la muuzaji peke yake.

Utetezi wa tatu una nguvu zaidi, nao ni kwamba kila mtu anajua ni picha ya kutengeneza. Marafiki wanajua, ndiyo. Lakini picha haibaki na marafiki. Tarehe 18 Agosti 2024, Donald Trump, akiwa mgombea urais wa Marekani, aliweka kwenye mtandao wake wa Truth Social picha zilizoonyesha wasichana wamevaa fulana za kumtambulisha kila mmoja kuwa shabiki wa Taylor Swift na mfuasi wa Trump, pamoja na bango la Swift mwenyewe akiwataka watu wampigie kura mgombea huyo. Juu ya picha hizo Trump aliandika kwamba amekubali. Baadhi ya picha hizo zilitengenezwa kwa akili mnemba, na mojawapo ilikuwa na neno lililoitambulisha kuwa kejeli. Neno lilikuwepo, na halikusaidia, kwa kuwa picha ilikuwa imehama kutoka kwa waliocheka hadi kwa anayeomba kura. Tarehe 10 Septemba Swift alitangaza kwamba angempigia kura Kamala Harris, na akaeleza kuwa picha zile za kumsingizia ndizo zilizomfanya aone haja ya kuusema msimamo wake hadharani. Msimamo wake wa kisiasa tuuache. La kwetu ni kwamba mtu alilazimika kusimama na kukanusha ujumbe ambao hakumtuma mtu aupeleke.

Kutokana na hayo, nasaha yangu juu ya alama ni ya kiufundi zaidi kuliko ya kimaadili. Usiweke maelezo chini ya picha ukadhani umemaliza. Anayeipiga skrinshoti huchukua picha na kuyaacha maneno, na anayeipakua huacha kila kitu ulichoandika. Alama ya pembeni nayo hukatwa kwa kidole kimoja. Andika ndani ya picha yenyewe, katikati, panapokutana bega lako na bega la mwimbaji, kwa herufi zinazosomeka kwenye kioo kidogo cha simu: “picha ya kuunga”. Anayetaka kuyakata maneno hayo atalazimika kumkata mmoja wenu, na picha haitamfaa tena. Ukiona maneno yanaharibu uzuri wa picha, jiulize uzuri huo ulikuwa wa kumfanya mtazamaji afurahi au aamini.

Atasema mwingine kwamba hizi ni habari za Ulaya na Marekani, na sisi ni watu wadogo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na Septemba 2023 kamishna wake aliutoza ukumbi mmoja wa starehe shilingi 1,850,000 kwa kutundika mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Aliyedhulumiwa hakuwa nyota wala mdhulumu hakuwa kampuni ya dunia nzima. Tanzania nayo ina sheria ya taarifa binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Lakini sitaki kumtisha mtu kwa sheria, kwani muuza marashi huenda asishitakiwe kamwe. Yule aliyetuma pesa upesi ndiye asiye na wakili, na ndiye ninayemfikiria.

Msanii chipukizi namwambia peke yake, kwa sababu kishawishi chake ni kikubwa kuliko cha wengine. Kava ya wimbo yenye sura yako na ya mkubwa wako inasomwa kuwa kolabo, hata usipoandika “ft.” popote. Mapromota, watangazaji wa redio na mashabiki wanaijua lugha hiyo vizuri, na wewe unajua kwamba wanaijua. Ukisema ulikuwa unamuenzi, jibu ni kwamba asiyesikika ndani ya wimbo hawekwi kwenye kava. Mtaje kwenye maelezo ya wimbo kwamba ndiye uliyejifunza kwake, na kava iwe na uso wako tu.

Na wewe ambaye picha yako imekwisha kukaa juu ya bei kwa miezi, usiifute kimyakimya usiku. Iondoe, kisha palepale ilipokuwa uandike kwamba mwimbaji yule hakuhusika na biashara yako. Aliyenunua kwa kumwamini yeye akitaka pesa zake, mrudishie.