Sentensi ya Kwanza ni Deni

Hapa Mkwajuni, mchimbaji mdogo wa dhahabu haliamini jiwe kwa kulitazama tu. Anasaga kipande, anakiosha kwenye karai, anaangalia kilichobaki chini, kisha anakisia. Mzigo wote ukishasagwa, makisio yake yanakutana na mizani. Mimi naandika hadithi fupi, na kwa miaka mingi sikuwa na mizani. Hadithi ikipendwa, nilisema, "Nilijua tu." Ikipuuzwa, nilisema hivyo hivyo.

Basi nikatengeneza kikaratasi. Kabla ya kuchapisha, naipa hadithi alama 1 hadi 5 kwa mambo matatu: mvuto wa mwanzo, kueleweka na mwendo. Naandika kwa wino, na tarehe, nisije nikajisahihisha baadaye. Zikipita siku 14 narudi kuangalia. Hadithi huwa naitoa sehemu mbili, na sentensi ya kwanza ndiyo ninayoisambaza wasapu. Waliofungua sehemu ya kwanza wanaupima mvuto. Wanaoniuliza "huyu ni nani tena?" wanapima kueleweka. Waliovuka kwenda sehemu ya pili wanapima mwendo.

Hadithi moja ilianza na maiti inayovuka mpaka wa Tunduma bila pasipoti. Nikaipa mvuto 5, kueleweka 4, mwendo 4. Nyingine ilianza na bibi anayeanika mahindi: 2, 4, 3. Ya maiti ilifunguliwa na watu 240, wakavuka 40. Ya bibi ilifunguliwa na 90, wakavuka 54.

Kwenye mvuto nilikisia sawa. Kwenye mwendo nilijidanganya, na sababu naijua: mwandishi anafahamu anakoelekea, kwa hiyo njia haimchoshi. Lakini kulikuwa na jambo zito zaidi. Ile "maiti" ilikuwa redio mbovu ndani ya sanduku, na hadithi yenyewe ilihusu karani wa ushuru. Kikaratasi kiliupa uongo wangu alama 5.

Ni kweli, hadithi mbili hazithibitishi kitu. Mtu maarufu akisambaza moja, hesabu inaharibika. Ndiyo maana nasubiri zifike kumi, nizipange kwa alama, kisha nizipange upya kwa matokeo, nione mipangilio hiyo miwili inapishana wapi.

Ila swali la maiti halikusubiri kumi. Je, ni halali kumvuta msomaji kwa kitu ambacho sina? Nadhani sentensi ya kwanza ni deni: naruhusiwa kukopa, mradi nilipe. Wale 200 walioishia njiani hawakushindwa kusoma, walikuwa wananidai.

Nimeongeza mstari wa nne kwenye kikaratasi: "Mwisho unalipa mwanzo?" Huo hauna alama. Una ndiyo au hapana, na ikiwa hapana, sichapishi.