Nani Anaitwa Jambo Likitokea

Cheti cha ndoa kinathibitisha siku moja. Kinasema kwamba tarehe fulani watu wawili walisimama mbele ya msajili na mashahidi, wakasaini. Kuhusu siku iliyofuata hakisemi kitu. Kwa hiyo mgeni aliyeoana na raia anapoomba kuongezewa muda wa hati ya kukaa nchini, swali huwa limekwisha kuhama. Mwanzo aliulizwa, mmeoana? Sasa anaulizwa, bado ni mume na mke? Hilo la pili halina cheti.

Nimeishi na swali hili kwa sababu mume wangu ni Mzambia. Alikuja ukanda wa dhahabu wa Geita kama fundi wa mitambo, akiwa na kibali cha ajira. Mkataba ulipokwisha, kibali nacho kikaisha, akabaki nchini kwa hati ya mtegemezi, na anayemtegemea kwenye karatasi ni mimi. Nyumba yetu ya kupanga iko Shinyanga mjini. Mimi ni karani wa stoo kwenye mgodi mmoja upande wa Geita: wiki mbili kambini, wiki moja nyumbani. Yeye ndiye anayekaa na mapacha wetu, Kulwa na Doto, kwa sababu hati ile haimruhusu kufanya kazi bila kibali kingine. Neno "mtegemezi" linamkera, maana ndani ya nyumba ile wote watatu tunamtegemea yeye.

Nianze na upande wa afisa, kwa sababu wasiwasi wake una msingi. Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, leseni ya mchimbaji mdogo ni ya Watanzania peke yao. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, asiye raia hamiliki ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Unganisha hayo mawili na udongo wenye dhahabu, utaona kwa nini mke Mtanzania anaweza kuwa na thamani kwa mtu ambaye hana haja naye. Jina lake linaandikwa kwenye leseni, kiwanja kinanunuliwa kwa jina lake, na yeye analipwa kidogo ili aitwe mke. Afisa anayeuliza maswali hawezi kumtofautisha mtu huyo na mume wangu kwa kutazama sura. Na anapomkamata mdanganyifu, mara nyingi anayeokolewa ni huyo mwanamke, ambaye siku shimo likiporomoka au deni likija ndiye jina lake litasomwa.

Basi kuuliza ni haki yake. Ugumu uko kwenye kinachohesabiwa kuwa jibu.

Uingereza wamejibu kwa hesabu. Mume au mke wa raia anayeongeza muda huko huelekezwa kuonyesha barua 6 zilizoandikwa kwa majina yao wote wawili, au kwa kila mmoja kwenye anwani ileile, kutoka vyanzo visivyopungua 3, zikiwa zimesambaa ndani ya miaka 2. Benki, maji, umeme, kodi ya halmashauri. Kipimo hicho kina busara yake. Barua ya bili haikuandikwa ili kumshawishi mtu yeyote. Kampuni ya maji haijali kama mnapendana, na kwa sababu haijali, neno lake linaaminika.

Jaribu kipimo hicho Shinyanga. Mkataba wa pango ni wangu peke yangu, kwa kuwa mimi ndiye mwenye mshahara. Mita ya Luku imesajiliwa kwa jina la mwenye nyumba, na ya maji vilevile. Barua hazifiki mlangoni. Mwenye sanduku la posta analifuata posta, na sisi hatuna. Mume wangu ameishi nyumba ile kila siku, na hakuna bili hata moja inayojua kwamba yupo. Mimi ninayeonekana kwenye karatasi zote nusu ya mwaka na zaidi ninalala Geita. Mtu akisoma makaratasi yetu bila kutujua, atasema ni mwanamke anayeishi peke yake na hata nyumbani hakai.

Tulipoandaa faili la kuongeza muda, vitu vya lazima vilikusanyika kwa siku chache: barua yangu ya maombi kama mwenyeji wake, nakala ya cheti cha ndoa, kitambulisho changu, pasipoti yake na hati iliyokuwa inaelekea kuisha. Jina lake la katikati lilikuwa limeachwa kwenye cheti lakini lipo kwenye pasipoti, tukala kiapo cha majina kwa wakili, kwa sababu tofauti ya neno moja inatosha kusimamisha faili zima. Baada ya hapo tukakaa mezani kutafuta maisha yetu yalikuwa yameacha alama wapi.

Yalikuwa yameacha kwenye simu. Umeme ukiisha nyumbani, ninanunua mimi nikiwa kambini. Namba 20 za Luku zinaingia kwenye simu yangu, ninamtumia, anazibonyeza kwenye mita. Jumbe hizo zilikuwa nyingi, nyingine za saa tano usiku, na chini yake jibu lake la neno moja: "Imewaka." Yalikuwa yameacha kwenye kadi za kliniki za watoto, ambazo tarehe zake nyingi zinaangukia wiki nilizokuwa zamu, kwa hiyo aliyewapeleka hakuwa mimi. Yalikuwa yameacha kwenye daftari la darasa la awali, anakosaini mzazi anayekuja kuchukua mtoto. Na kwenye bima yangu ya afya, ambako yeye ameorodheshwa kama mwenzi.

Picha za harusi tuliweka mbili. Mtu anayetaka kudanganya huanza na picha, kwa kuwa hutengenezwa mchana mmoja kwa gauni la kukodi. Namba za Luku za miezi ishirini haziwezi kutengenezwa mchana mmoja. Huo ndio utaratibu niliojifunza wa kupima ushahidi wa aina hii: uliza kitu hiki kilitokea kwa ajili gani. Kama kilitokea ili kionyeshwe, kina uzito mdogo. Kama kilitokea kwa sababu nyumba ilikuwa gizani, kina uzito.

Hata hivyo kipimo hiki kinajila chenyewe. Ukishajua faili litafunguliwa tena, unaanza kuishi ukilitazama. Niligundua mume wangu anapiga picha risiti za duka. Mimi nilianza kuandika "mume wangu" kwenye maelezo ya kutuma pesa, mahali ambapo zamani nilikuwa siandiki kitu. Hakuna uongo hapo, lakini ule upofu unaozipa bili uaminifu wake unapotea kidogo kidogo. Mwisho tukakubaliana kutunza kinachokuja chenyewe na kutotengeneza kingine, kama mfugaji anayehesabu ng'ombe wake jioni bila kuazima wa jirani ili zizi lionekane limejaa.

Sheria yetu yenyewe ina njia ya zamani zaidi ya kutambua ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakithibitika kuwa wameishi pamoja miaka 2 au zaidi, katika hali iliyowapatia sifa ya kuwa mume na mke, patakuwa na dhana kwamba wameoana. Ni dhana tu, na inaweza kupingwa kwa ushahidi. Lakini tazama imemwuliza nani. Haikuwauliza wanandoa wanajisikiaje, wala kampuni ya maji. Imewauliza majirani wanawaitaje.

Mtaani kwetu mume wangu anaitwa Baba Kulwa. Tulipokwenda kuomba barua ya serikali ya mtaa, mwenyekiti hakutaka kuona cheti. Alisema, "Shemeji, wewe barua ya nini? Msiba wa mzee wa nyumba ya kona si wewe uliyebeba maturubai?" Kisha akaandika. Barua ile ilikuwa na mistari mitano na ndiyo niliyoiweka juu kabisa kwenye faili.

Lakini siwezi kuisifu sifa ya mtaani na kuishia hapo, kwa sababu mkoa wa Geita una kumbukumbu nyingine. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga iliendeshwa Kagera, Kigoma na Geita dhidi ya watu walioonekana kuwa wahamiaji haramu. Miongoni mwa waliovukishwa mpaka walikuwamo wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa wameoa au kuolewa na Watanzania na kuzaa nao. Majirani waliwajua kwa majina ya watoto wao. Sifa walikuwa nayo tele. Kilichokosekana ni karatasi, na siku ile karatasi ndiyo iliyoulizwa. Kwa hiyo namwambia kila rafiki aliyeoana na mgeni: jirani anajua ukweli, lakini si yeye anayeulizwa usiku. Peleka ukweli wake kwenye faili kabla hujauhitaji.

Kuna jambo moja ambalo nadhani hakuna serikali inayopaswa kulidai, nalo ni ndoa nzuri. Mwaka 1975, katika kesi inayojulikana kwa jina la Bark, mahakama ya rufani ya Marekani ilishughulikia ndoa ya mgeni ambayo wahusika wake walikuwa wametengana. Ilisema kutengana peke yake hakuthibitishi kwamba ndoa ilikuwa ya uongo. La kuulizwa ni kama walipooana walikusudia kujenga maisha pamoja, na ndoa ya mgeni haiwezi kutakiwa kuwa ya kawaida zaidi au yenye mafanikio zaidi kuliko za raia. Mimi na Baba Kulwa tumewahi kukaa wiki tatu bila kuzungumza ila kuhusu umeme na watoto. Jumbe za wiki hizo zimo kwenye faili. "Luku." "Imewaka." Kwa macho yangu hizo ndizo ushahidi mzito kuliko zote, maana hata tulipokuwa hatutakani, nyumba haikulala gizani.

Wala maslahi hayaifanyi ndoa kuwa ya uongo. Usukumani mahari ya ng'ombe imehesabiwa hadharani vizazi na vizazi, na hakuna aliyesema ng'ombe wamefuta ndoa. Ndoa ya uongo ni ile ambayo ndani yake hakuna anayewajibika kwa mwenzake. Ningekuwa afisa ningeuliza swali moja tu na kulifuatilia mpaka mwisho: mtoto akizidiwa shuleni, mmoja akilazwa, mwenye nyumba akija kudai, nani anaitwa? Anayeitwa huacha alama kila alikoitwa.

Hati iliongezwa. Itaisha tena, na faili litafunguliwa tena, kwa sababu Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mwanamke aliyeolewa na raia njia yake ya kuomba uraia, lakini haimpi njia hiyo mwanamume aliyemwoa raia. Ningekuwa mimi ndiye Mzambia na yeye Mtanzania, ningeweza kuomba kama mke. Yeye akitaka, atapita njia ya mgeni yeyote: miezi 12 mfululizo nchini, na kabla ya hapo miaka isiyopungua 7 kati ya 10, kisha auache uraia wa Zambia. Sheria inayomtaka kila mara athibitishe kwamba ni mume wangu, inapofika kwenye uraia haitaki kujua kwamba ni mume wangu. Swali hilo halipo kwenye fomu, na namba za Luku haziwezi kulijibu.