Kuingia Timu ili Ujulikane: Ni Unafiki?

Kijana mmoja wa timu yetu aliniuliza baada ya mazoezi: "Kaka, nisikufiche. Nilikuja kwenye mpira kwa sababu injinia wa maji anacheza hapa. Mimi ni mnafiki?" Siku ile sikuwa na jibu.

Hapa kambini, mtu mwenye kazi yake tunamuona ndani ya gari au nyuma ya meza. Ukimfuata mezani, weye ni muombaji hata kabla hujafungua kinywa. Jumamosi uwanjani anavua beji, anavaa jezi, na ukimpiga chenga anakukimbiza kama mtu yeyote.

Kuna mwenzetu aliyeiharibu nafasi hiyo. Mazoezi ya tatu tu, injinia anafunga viatu, yeye akamkabidhi bahasha ya vyeti. Injinia aliipokea, lakini wiki iliyofuata hakuja, na aliporudi alikaa mbali nasi. Si kiburi. Mfanyakazi wa shirika haruhusiwi kumpa mtu kazi mkononi. Kazi inatangazwa, watu wanaomba, wanasailiwa. Ile bahasha ilimrudisha mezani, tena mbele ya watu.

Huyu kijana wangu hakuomba kitu. Alijitolea kutunza jezi 22 na mipira 3. Alikuwa na daftari: nani kachukua, lini, karudisha au bado. Siku moja mpira ulipasuka, akaandika: "Mpira 1 umepasuka, nilikuwa nao mimi." Injinia alilisoma daftari lile akisubiri jezi yake. Hakusema neno, ila nilimuona akirudia ule mstari.

Miezi ikapita, ikatoka nafasi ya msaidizi wa stoo. Injinia aliitangazia timu nzima: "Karatasi iko ubaoni, mwisho Ijumaa." Kijana akaomba kama wengine. Kwenye usaili akaulizwa, kitu kikipotea stoo unafanyaje? Akaeleza habari ya mpira.

Hakupata. Alichukuliwa mama mmoja mwenye uzoefu kumpita. Baadaye injinia naye mkataba wake ukaisha, akaondoka.

Hapo ndipo nilipoanza kumuangalia kwa makini. Kama alimfuata injinia tu, sasa hakuna cha kumleta. Jumamosi nilifika nikamkuta amekaa juu ya gunia la jezi, anamgombeza mtu kwa soksi moja. Muuguzi anayetudakia golini alikuwa pembeni yake, anamuonyesha jinsi leja ya dawa inavyoandikwa: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Hakuna aliyemuomba amfundishe.

Nikamwambia: Mdogo wangu, wengi wetu tunaingia mahali kwa hesabu. Mimi mwenyewe niliingia kazi ya vijana nikitafuta cheti. Unafiki ungekuwa kumfanya mtu rafiki halafu kumtupa akikosa faida. Weye yule uliyemfuata ameondoka, na bado unahesabu soksi.

Akacheka. Halafu akaniuliza jezi namba saba nitarudisha lini.