Waacheni Kwanza Waende Nyumbani



Kamati za ujenzi zinapoandaa kadi za chakula cha hisani, kuna maneno yanayorudi kila mwaka. Kadi inaanza kwa heshima na taadhima, inataja mgeni rasmi, kisha chini kabisa, kwa herufi nzito, inasema mchango usipungue shilingi 100,000. Pembeni pamewekwa andiko, na mara nyingi ni Hagai, lile la watu kukaa katika nyumba nzuri huku nyumba ya Bwana ikiwa gofu. Mjane anayeuza mboga sokoni akiisoma kadi hiyo anajua mambo mawili: kwamba hakualikwa kula, na kwamba asipofika ataonekana hampendi Mungu.

Hagai alikuwa na haki ya kusema vile. Aliwaambia watu waliorudi kutoka Babeli, waliokwisha kuweka msingi wa hekalu kisha wakauacha kwa miaka mingi huku wakijijengea wenyewe. Lilikuwa karipio la nabii kwa taifa zima, na lilisemwa uso kwa uso. Ukilichukua ukalibandika kwenye kadi ya kula wali na kuku, unamkaripia mtu ambaye hujui hata nyumba yake ikoje. Malaki 3 nayo tunaitumia hivyo hivyo, tukimwita mtu mwizi kabla hajakaa mezani.

Wiki hii nawaomba tusome Kutoka 35, kwa sababu pale upo mwaliko wa kuchangia ujenzi ambao ulifanikiwa kupita kiasi. Musa anawakusanya watu wote na kuwatajia vitu vinavyotakiwa: dhahabu, fedha na shaba, nyuzi za rangi, kitani, singa za mbuzi, ngozi, mti wa mshita, mafuta kwa ajili ya taa. Tazameni orodha hiyo ilivyo pana. Mwenye dhahabu ana pa kuingilia, na mwenye singa za mbuzi naye anapo. Mbele kidogo tunawakuta wanawake waliosokota nyuzi kwa mikono yao, na kazi yao imeandikwa sawa na vito vya wakuu. Musa hasemi nani atoe nini. Anasema kila mwenye moyo wa kupenda.

Kisha linakuja jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka. Mstari wa 20 unasema kusanyiko lote liliondoka mbele ya Musa. Hakuna aliyetoa pale pale. Walikwenda hemani kwao, na katika mstari wa 21 ndipo wanarudi wale ambao mioyo yao iliwahimiza. Kati ya mistari hiyo miwili mtu alipata nafasi ya kukaa na mwenzi wake, kuangalia alicho nacho, na kuamua bila kutazamwa. Kadi nzuri inampa mgeni nafasi hiyo. Inamfikia wiki tatu kabla ya siku yenyewe, na inamweleza kila kitu, ili uamuzi wake aufanye nyumbani na ukumbini aje kula.

Tuchukue mfano wa mtaa unaoezeka kanisa. Tuseme yanahitajika mabati 240, na 90 yamekwisha kununuliwa kwa sadaka za washarika wenyewe. Yamebaki 150. Kama bati moja ni shilingi 38,000, pengo ni shilingi 5,700,000. Kadi yao ningeiandika hivi:

«Tunakukaribisha wewe na mwenzi wako tule pamoja chakula cha jioni, Jumamosi saa 12:30, katika ukumbi wa usharika. Chakula kimegharamiwa na wanakamati, hakuna kiingilio. Kanisa la mtaa wetu linahitaji mabati 240. Mabati 90 tumekwisha kuyanunua, yamebaki 150, na bei ya moja ni shilingi 38,000. Ukipenda kushiriki, iwe ni bati, sehemu ya bati, au siku moja ya kazi na mafundi, tumia bahasha iliyomo humu au namba ya malipo ya usharika iliyo nyuma ya kadi. Bahasha haihitaji jina, na viwango vya watu havitasomwa. Karibu mezani, uwe umetoa au hujatoa. Taarifa ya mapato na matumizi itasomwa ibadani Jumapili ya pili baada ya chakula hiki.»

Angalieni kwamba hakuna kiwango cha chini, ila bei ya bati imetajwa. Bei humsaidia mtu kupima. Anayeweza mabati kumi anajua ni shilingi ngapi, na mwenye shilingi 5,000 anaiona kuwa sehemu ya bati, kitu kinachohesabika. Kiwango cha chini kinafanya kazi nyingine kabisa: kinamwambia wa shilingi 5,000 abaki nyumbani, na kinamwambia mwenye uwezo wa milioni kwamba 100,000 inamtosha.

Ile sentensi ya kumkaribisha mezani aliyetoa na asiyetoa ihifadhini kama ilivyo. Najua wapo watakaotaka kuandika kwamba wasio na uwezo waje na maombi tu. Nia ni njema, lakini maneno hayo yanatenga kundi, na hakuna anayependa kuingia ukumbini akijulikana ni wa kundi hilo. Sentensi iwe moja kwa wote. Na kama kamati haiwezi kugharamia chakula, itaje bei ya sahani peke yake, iwe ndogo na sawa kwa kila mtu, bila kuichanganya na mchango.

Ahadi ya kutosoma viwango inataka uangalifu zaidi ya kadi. Malipo ya simu huonyesha jina la mtumaji, kwa hiyo mkubaliane mapema kwamba orodha ataiona mweka hazina na mkaguzi basi. Na mshereheshaji apewe kadi hiyo aisome kabla hajashika kipaza sauti. Akishauliza ukumbini nani anafungua kwa milioni moja, yote mliyoyaandika yamefutika, na wageni wataikumbuka sauti yake kuliko kadi yenu. Mgeni rasmi naye aelezwe kwamba kinachotangazwa ni jumla tu.

Huenda tarakimu ya usiku ule ikawa ndogo kuliko mlivyozoea. Ahadi za kwenye kipaza sauti hupanda haraka, lakini waulizeni wahazini wenu ni ngapi zililipwa, na waulizeni wazee wa kanisa ni akina nani walioacha kuonekana ibadani baada ya kuahidi wasichokuwa nacho. Muumini anayekwepa mlango wa kanisa kwa sababu ya deni la harambee ni hasara ambayo bati haliifidii. Paulo, alipowachangisha Wakorintho kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, aliwaambia wazi kwamba haamuru, na kwamba kipawa hupokelewa kadiri ya alicho nacho mtu. Tena alituma ndugu mapema, ili mchango uwe tayari kabla yeye hajafika, wasije wakatoa kwa kubanwa.

Jambo la mwisho kwa kamati. Katika Kutoka 36 mafundi wanamwendea Musa na kumweleza kuwa watu wanaleta kuliko inavyohitajika, naye anatangaza kambini waache kuleta. Amueni leo, kabla kadi hazijaenda kwa mpiga chapa, mtafanya nini mabati 150 yakitimia. Kama ziada itanunua misumari na mbao, iandikeni kwenye kadi. Kama hamna matumizi mengine, andikeni kwamba yakitimia mtatangaza imetosha, na siku ikifika mtangaze.