Katikati ya Nini?

Kila nipitapo Remera kando ya Uwanja wa Amahoro hukumbuka kwamba mwaka 1994 maelfu ya watu walikimbilia humo, wakalindwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 20 Aprili, Katibu Mkuu Boutros Boutros-Ghali aliliwekea Baraza la Usalama njia tatu: kuongeza askari kwa maelfu, kubakiza takribani 270 wa kusuluhisha pande zinazopigana, au kuwaondoa wote. Kesho yake, kwa Azimio namba 912, Baraza likachagua hao 270.

Njia hiyo ilionekana ya busara kwa sababu tu ilipangwa kati ya nyingine mbili. Swali lenyewe, yaani askari wangapi wangetosha kuwalinda waliokuwa wakiuawa, halikujibiwa. Jenerali Dallaire, aliyekuwa hapa Kigali, alitaja 5,000. Tena usuluhishi ulidhani kuna majeshi mawili tu, ilhali Watutsi waliochinjwa majumbani na makanisani hawakuwa jeshi la kukutana na adui yake katikati.

Sipingi kugawana tofauti. Sokoni Kimironko muuzaji akitaka faranga 3,000 nami nikitoa 2,000, tukaafikiana 2,500, hakuna aliyedhulumiwa, maana bei ni mapatano yetu wawili. Idadi ya askari wa kuokoa watu haipatikani hivyo. Tarehe 17 Mei Baraza lilelile liliidhinisha askari 5,500. Wengi waliowahitaji walikuwa wamekwisha kuuawa.